Noti Moja, Sauti Mbili: Kwa Nini Filimbi Haisikiki Kama Fidla

Waweke mpiga filimbi na mpiga fidla nyuma ya pazia, uwaombe wapige noti moja, kwa nguvu ileile na kwa muda uleule. Msikilizaji aliyekaa mbele ya pazia hatahangaika. Atajua hii ni filimbi na ile ni fidla, hata kama hajawahi kusoma muziki. Ukimwuliza amejuaje, ndipo maneno yatakapomwishia. Atasema filimbi ni laini na fidla inakwaruza kidogo, au filimbi imetulia na fidla imechangamka. Ni kweli, lakini swali bado liko palepale: ikiwa noti ni moja na nguvu ni moja, zimetofautiana kwa kitu gani?

Wanamuziki hukiita kitu hicho rangi ya sauti. Ili tukione vizuri, tuchukue noti moja tu tuichambue. Noti yetu ni A iliyo juu ya C ya kati ya kinanda, ile ambayo okestra nyingi duniani huitumia kuwianisha vyombo kabla ya onyesho. Kipimo chake kilichokubaliwa kimataifa ni mitetemo 440 kwa sekunde, yaani hezi 440. Kwenye fidla noti hii haihitaji hata kidole, kwani ni uzi wa pili kutoka ule mwembamba kuliko yote, ukipigwa wazi. Kwenye filimbi ya okestra, ile inayoshikwa kwa ubavu, mpigaji huipata kwa kufunga baadhi ya matundu na kuyaacha mengine wazi.

Uzi mmoja, mitetemo mingi

Sehemu ya uzi wa fidla inayotetemeka ina urefu wa sentimita 33 hivi. Tukisema uzi huo unatetemeka mara 440 kwa sekunde, tunaufikiria ukienda na kurudi mzimamzima. Hivyo ndivyo ilivyo, lakini si hivyo tu. Wakati huohuo uzi unatetemeka katika nusu mbili, kila nusu ikienda mara 880 kwa sekunde. Unatetemeka pia katika theluthi tatu, mara 1,320, katika robo nne, mara 1,760, katika sehemu tano, mara 2,200, na kuendelea. Yote hayo yanatokea juu ya uzi mmoja kwa wakati mmoja. Mtetemo wa 440 ndio sauti ya msingi, nao ndio unaoipa noti jina lake. Sauti zinazopanda juu yake, mara mbili, mara tatu, mara nne, huitwa harmoniki.

Mwenye gitaa anaweza kulithibitisha jambo hili sasa hivi. Gusa uzi kwa wepesi, bila kuukandamiza, juu kabisa ya freti ya 12, ambayo iko katikati ya uzi. Uchune, kisha uondoe kidole mara moja. Itatoka noti nyembamba, okteva moja juu ya ile ya kawaida. Noti hiyo ilikuwemo ndani ya uzi tangu mwanzo. Ulichofanya ni kuizima mitetemo yote inayotaka katikati ya uzi pasogee, ikabaki ile ambayo katikati yake pametulia. Ukigusa juu ya freti ya 7, ambayo iko kwenye theluthi ya uzi, utaipata harmoniki ya tatu.

Padre Mfaransa Marin Mersenne aliandika mwaka 1636 kwamba uzi mmoja hutoa sauti kadhaa kwa pamoja. Mwaka 1822 Joseph Fourier, ambaye alikuwa akichunguza jinsi joto linavyosafiri, alionyesha kwa hesabu kwamba mwendo wowote unaojirudia unaweza kujengwa kwa kujumlisha mitetemo sahili iliyo mara moja, mara mbili, mara tatu ya ule wa msingi. Kisha Mjerumani Hermann von Helmholtz akaileta hesabu hiyo kwenye sikio, katika kitabu alichokitoa mwaka 1863. Alikuwa na madude ya mviringo, yenye uwazi ndani na tundu dogo, kila moja likiitikia sauti ya kimo kimoja tu. Akiliweka dude moja sikioni huku chombo kikipigwa, aliweza kusikia kama harmoniki fulani imo na ina nguvu kiasi gani. Alipokwisha kupima alisema hivi: kimo cha noti hutokana na mtetemo wa msingi, na rangi yake hutokana na kiasi cha kila harmoniki iliyo juu yake.

Kwa hiyo filimbi na fidla zina ngazi ileile ya sauti: 440, 880, 1,320, 1,760, 2,200. Zinatofautiana katika kiasi ambacho kila kidato kimepewa. Kiasi hicho hutokana na jinsi kila chombo kinavyoamshwa.

Uta unaonasa na kuachia

Uta wa fidla una singa za mkia wa farasi zilizopakwa utomvu mkavu wa msonobari ili zishike. Uta unapopita juu ya uzi, unaunasa na kuuvuta upande mmoja. Mvuto ukizidi, uzi unachomoka, unarudi kwa kasi, kisha unanaswa tena. Kwa noti yetu, kunasa huku na kuchomoka hutokea mara 440 kila sekunde.

Helmholtz aliutazama uzi huo kwa darubini maalumu akaona kitu ambacho jicho tupu haliwezi kukiona. Uzi hauchezi kwa mpindo laini. Kila wakati umenyooka katika vipande viwili vinavyokutana kwenye kona moja kali, na kona hiyo inakimbia kutoka ncha moja hadi nyingine na kurudi, kama lile wimbi linalokimbia juu ya kamba ya kuruka mtoto anapoitingisha ghafla upande mmoja. Mzunguko mzima humalizika kwa milisekunde 2 na kitu. Kona inapofika kwenye kidaraja cha mbao kinachoubeba uzi, kidaraja kinapata mshtuko: nguvu inayokisukuma ilikuwa ikipanda taratibu, na sasa inaanguka ghafla.

Hapa hesabu ya Fourier inatoa kanuni ya kushika. Mwendo laini hujengwa kwa harmoniki chache, na mwendo wenye kona kali au anguko la ghafla hauwezi kujengwa bila harmoniki nyingi. Katika fidla, ukiipa sauti ya msingi kipimo cha 100, harmoniki ya pili inasukuma kidaraja kwa kiasi cha 50, ya tatu 33, ya nne 25, ya tano 20, na ya kumi bado ina 10. Nguvu inapungua polepole, na ngazi inapanda mbali sana.

Anayejifunza fidla huisikia kanuni hii inapovunjika. Akiukandamiza uta kidogo mno, uzi unachomoka mara mbili katika kila mzunguko badala ya mara moja, sauti ya msingi inadhoofika, na noti inakuwa nyembamba yenye mluzi. Akiukandamiza mno, mzunguko unavurugika na kinachosikika ni mkwaruzo usio na noti. Kati ya mipaka hiyo miwili, mpigaji hodari anaweza kuichagua rangi. Akisogeza uta karibu na kidaraja na kuukaza, kona inabaki kali na sauti inawaka. Akiupeleka mbali na kidaraja na kuupitisha kwa wepesi na haraka, kona inalainika, harmoniki za juu zinapungua, na fidla inaanza kukaribia filimbi. Watunzi wa muziki wa okestra wana agizo maalumu la kumtaka mpiga fidla apige hivyo.

Kasha linaitikia kwa upendeleo

Uzi peke yake hausikiki mbali, kwa sababu ni mwembamba mno kusukuma hewa ya kutosha. Kazi hiyo hufanywa na kasha, na kasha halitendi haki kwa harmoniki zote. Hewa iliyomo ndani yake, inayopumua kupitia matundu mawili ya mbele, huitikia zaidi karibu na hezi 270 au 280. Mbao huitikia kwa nguvu katika sehemu kadhaa kati ya 400 na 600. Juu zaidi, kidaraja na mbao iliyo chini yake huinua eneo pana la kati ya 2,000 na 3,000.

Irudie A yetu. Sauti ya msingi, 440, imeangukia kwenye eneo la mbao. Harmoniki ya tano, 2,200, na ya sita, 2,640, zimeangukia kwenye eneo linaloinuliwa na kidaraja. Zilianza kwa 20 na 17, lakini zinatoka kwenye kasha zikiwa zimeongezewa nguvu. Zaidi ya hapo, sikio la binadamu lenyewe lina wepesi wa kusikia kati ya hezi 2,000 na 5,000. Ndiyo maana fidla moja inaweza kusikika wazi katikati ya vyombo vingi.

Vilima hivi vya kasha havihami. Mpigaji akipanda nusu toni, kutoka 440 hadi 466, harmoniki ya tano inahama kutoka 2,200 hadi 2,330, na pengine inapanda kilima au inateremka bondeni. Kila noti ya fidla ileile ina rangi yake kidogo. Mpigaji anapokitikisa kidole juu ya uzi ili noti iyumbeyumbe, kila harmoniki hupanda na kushuka kwa njia yake, moja ikipata nguvu huku nyingine ikififia. Uhai tunaousikia katika noti ndefu ya fidla unatoka hapo kwa sehemu kubwa.

Pumzi inayoyumba

Filimbi haina uzi wala ulimi wa kutetemeka. Ni bomba la urefu wa sentimita 67 hivi, na kinachotetemeka ni hewa iliyo ndani. Mpigaji hupuliza ukanda mwembamba wa hewa kukatisha tundu la kupulizia, mpaka ukaugonga ukingo wa upande wa pili. Ukanda huo unayumba, mara unaingia ndani ya bomba, mara unapita nje, na hewa ya ndani ndiyo inayouamuru uyumbe kwa mwendo wake. Kwa noti yetu, huyumba mara 440 kwa sekunde.

Hewa ya bomba nayo hutetemeka katika nusu, theluthi na robo, kama uzi. Mpiga filimbi analijua hili kwa midomo yake, kwa sababu akiviacha vidole palepale kwenye A na kupuliza kwa kasi zaidi, filimbi inaruka hadi 880. Hata hivyo, katika kupuliza kwa kawaida, ukanda wa pumzi huingia na kutoka kwa ulaini. Hakuna kunasa wala kuchomoka, hakuna kona kali. Mwendo laini, kwa kanuni ileile, unatosheka na harmoniki chache.

Sababu ya pili iko kwenye matundu yaliyoachwa wazi. Mawimbi ya kimo cha chini yakifika kwenye tundu la kwanza lililo wazi, hugeuka na kurudi ndani ya bomba, na kwa kurudi huko hujikusanyia nguvu. Mawimbi ya juu ya takribani hezi 2,000 hayageuki vizuri namna hiyo, bali yanalipita tundu na kuvuja nje. Harmoniki ya tano ya A, ambayo kwenye fidla imeinuliwa na kidaraja, kwenye filimbi imefika mahali ambapo bomba limeacha kuibeba. Noti ya filimbi inabaki na nguvu zake karibu zote katika sauti ya msingi na harmoniki mbili tatu za kwanza. Juu yake kuna mvumo mwepesi wa pumzi ambao hauingii katika ngazi yoyote, lakini sikio linautambua mara moja.

Husemwa sana kwamba filimbi ina sauti safi. Usemi huo ni kweli pale inapopigwa taratibu. Mpigaji akipuliza kwa nguvu, ukanda wa hewa huanza kubadilika kwa ghafla zaidi na harmoniki huongezeka. Katika noti za chini, harmoniki ya pili inaweza hata kuizidi nguvu sauti ya msingi. Kinyume chake, vyombo vyote viwili vikipanda juu sana, tofauti hupungua. Kwenye noti ya hezi 2,093, karibu na kilele cha filimbi, harmoniki ya pili iko zaidi ya 4,000 na ya tatu zaidi ya 6,000. Ngazi imebaki na vidato vichache vya kutofautiana, na kutambua chombo kunakuwa kugumu.

Mwanzo wa noti nao unasema

Maelezo ya Helmholtz yanahusu noti iliyokwisha kutulia. Lakini noti ina mwanzo, na mwanzo una ushahidi mwingi. Uta unapoanza kuvuta, uzi huhangaika kwa sehemu ndogo ya sekunde kabla mzunguko haujapata mpangilio, na mkwaruzo huo mfupi ni alama ya fidla. Filimbi huanza kwa mpulizo wa ulimi, na pumzi husikika kabla noti haijakamilika.

Mwaka 1948 Pierre Schaeffer, aliyekuwa akifanya kazi kwenye redio ya Ufaransa, alirekodi mlio wa kengele akauondoa mwanzo wake. Kilichobaki hakikusikika tena kama kengele, bali kilikaribia chombo cha kupuliza. Rekodi ya piano ikichezwa kinyumenyume husikika kama kodiani, ingawa harmoniki zake ni zilezile. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Marekani, Saldanha na Corso, waliwapa watu noti za vyombo mbalimbali wavitaje. Mwanzo wa noti ulipokatwa, watu walikosea zaidi.

Kwa hiyo msikilizaji wetu aliye mbele ya pazia anatumia vitu viwili: mgawanyo wa harmoniki noti ikiwa imetulia, na njia ambayo noti imepita mpaka ikatulia.

Sikio linavyofunga mzigo

Kwa nini basi hatusikii sauti kumi, bali tunasikia fidla moja? Ndani ya sikio kuna mrija uliojiviringisha kama konokono, na kila sehemu yake huitikia kimo tofauti. Harmoniki kwa hiyo hufika kwenye ubongo zikiwa zimetenganishwa. Ubongo huona kwamba zote zimeanza pamoja na zimeachana kwa nafasi sawa, 440 kwa 440, ukazihesabu kuwa ni kitu kimoja chenye kimo cha 440.

Ushahidi uko kwenye simu. Kwa miongo mingi, laini za simu zilipitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Sauti ya msingi ya mwanamume anayezungumza huwa karibu na hezi 100 na kitu, kwa hiyo haikuwa ikipita kabisa, na mara nyingi hata harmoniki ya pili haikupita. Hata hivyo, baba akipiga simu, alisikika na sauti nzito ya baba. Nafasi kati ya harmoniki zilizofika ziliutosha ubongo kukirejesha kimo ambacho hakikufika.

Hata mdomo wetu hufanya kazi hiyohiyo kila siku. Shika noti moja kwa sauti, usipande wala usishuke, kisha utamke polepole a, e, i, o, u. Noti haijabadilika, ila rangi imebadilika mara tano. Koo limetoa ngazi moja ya harmoniki, na mdomo umekuwa kasha linalobadilisha vilima vyake. Katika i, ulimi uliopanda mbele umeziinua harmoniki zilizo juu ya hezi 2,000. Katika u, midomo iliyokusanyika imeziacha zilizo chini ya 1,000. Tofauti kati ya neno pita na neno puta, kwa sikio, ni ya aina ileile na tofauti kati ya vyombo viwili vikipiga A.

Kinachokosekana kwenye kinanda

Maarifa haya yanaeleza jambo ambalo wapenzi wa taarabu wamelilalamikia kwa muda mrefu. Katika vikundi vingi vya taarabu ya kisasa, kinanda cha umeme kimechukua nafasi ya safu ya fidla, ile inayosikika katika vikundi vya Zanzibar kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Kinanda kina kitufe cha fidla, na sauti yake inatoka kwenye fidla halisi iliyorekodiwa. Mbona basi msikilizaji anaona kuna kitu kimepungua?

Kwanza, kinanda cha bei nafuu hurekodi noti chache tu, kisha huzivuta juu na chini kujaza vitufe vingine. Noti ikivutwa juu, vilima vya kasha navyo huvutwa juu pamoja nayo. Katika fidla halisi vilima hukaa palepale, kwa hiyo sikio linasikia kana kwamba fidla inabadilika ukubwa kila noti inapobadilika. Pili, kila kitufe kinapobonyezwa, mkwaruzo wa mwanzo ni uleule bila tofauti, jambo ambalo mkono wa mtu hauwezi kulifanya.

Tatu, wapiga fidla wanne wakipiga A pamoja, hawawi sawasawa kabisa. Mmoja yuko 440 na mwingine 441. Tofauti hiyo ya mtetemo mmoja inakuwa kumi kwenye harmoniki ya kumi, 4,400 dhidi ya 4,410, na huko juu sauti zinapishana mara kumi kwa sekunde. Mng'aro wa safu ya fidla unatokana na kupishana huko, na unazidi kadiri ngazi ya harmoniki inavyopanda. Filimbi nne zikipiga pamoja hazing'ari kwa kiasi hicho, kwa kuwa huko juu hazina kitu kingi cha kupishanisha.

Vinanda vizuri zaidi hurekodi kila noti peke yake, tena mara kadhaa, na kwa kupokezana mianzo tofauti. Mwenye kutaka kununua anaweza kukipima dukani bila kifaa chochote. Achague sauti ya fidla, abonyeze kitufe kimoja mara nane mfululizo na kusikiliza kama mkwaruzo wa mwanzo unabadilika, kisha apande nusu toni kwa nusu toni na kusikiliza kama rangi inabadilika kidogokidogo au inanyooka kwa hatua kadhaa na kuruka ghafla. Ikiruka, hapo ndipo rekodi moja ilipoishia na nyingine ikaanza.